Ukurasa wa Ushuru Katika Mpango wa Duka

Mipango mingi ya maduka madogo ninayoletewa niisome imeandikwa kwa bidii mpaka inapofika kwenye ushuru. Mahali pa duka pameelezwa, washindani wametajwa, bei za bidhaa zimepangwa vizuri. Kisha unakutana na mstari mmoja: "Ushuru: asilimia 16 ya faida." Mstari huo unaonyesha kwamba mwandishi hajajua atalipa nini, kwa sababu nchini Kenya hakuna ushuru wa asilimia 16 ya faida. Asilimia 16 ni kiwango cha VAT, na VAT haihesabiwi kutoka kwenye faida hata kidogo. Ushuru ambao duka dogo hukutana nao kwanza ni mwingine kabisa, ule wa asilimia 3 ya mauzo, unaoonekana kwenye mtandao wa iTax kwa jina la Turnover Tax. Huo nao hauitazami faida.

Ni rahisi kuuona ushuru huu wa mauzo kuwa mdogo na VAT kuwa mkubwa, kwa kuwa 3 ni ndogo kuliko 16. Kwa mfanyabiashara wa rejareja mwenye faida nyembamba, mara nyingi hesabu hugeuka. Njia nzuri ya kuliona hilo ni kuchukua duka moja na kulihesabu mpaka mwisho.

Tuseme ni duka la vyombo vya nyumbani mjini Mombasa, karibu na soko la Kongowea: mabeseni, ndoo, sufuria, thermosi, vikombe. Mwenye duka ni mtu binafsi, si kampuni, na hana kazi nyingine ya mshahara. Katika mwaka wa kwanza anatarajia kuuza bidhaa za shilingi 350,000 kila mwezi, yaani milioni 4.2 kwa mwaka. Ananunua kwa wauzaji wa jumla na kuongeza bei kidogo, kiasi kwamba katika kila shilingi 100 anayouza, shilingi 80 ni gharama ya kununulia na 20 ni faida ghafi. Kwa mwaka mzima faida ghafi ni shilingi 840,000. Analipa kodi ya duka 20,000 kwa mwezi, mshahara wa msaidizi 20,000, na 10,000 nyingine kwa umeme, leseni ya kaunti na usafiri wa mizigo. Jumla ya matumizi hayo kwa mwaka ni 600,000. Anabaki na 240,000 kabla ya ushuru.

Sasa tuingize ushuru wa mauzo. Sheria ya Ushuru wa Mapato inamhusisha mtu ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi, au yanatarajiwa kuzidi, shilingi milioni 1 lakini hayapiti milioni 25. Duka letu limo katikati. Kiwango ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, bila kutoa kodi ya duka, bila kutoa mshahara, bila kutoa hata bei ya kununulia bidhaa. Hulipwa kila mwezi, na mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mauzo ya 350,000, ushuru ni 10,500 kila mwezi. Kwa mwaka ni 126,000.

Weka 126,000 kando ya 240,000. Asilimia 3 ya mauzo imechukua zaidi ya nusu ya kile ambacho mwenye duka angebaki nacho. Hakuna aliyekosea hesabu, wala hakuna tozo iliyofichwa. Duka hili hubaki na chini ya shilingi 6 katika kila 100 inayoingia, na ushuru unachukua 3 kati ya hizo. Kinyozi au fundi wa simu, ambaye sehemu kubwa ya pesa anazopokea ni jasho lake mwenyewe, anaweza kuilipa asilimia 3 bila kuyumba. Muuza bidhaa hawezi kuichukulia hivyo, kwani nyingi ya pesa zinazopita mkononi mwake ni za muuzaji wa jumla. Ndiyo maana mtu anayepanga biashara ya kununua na kuuza anapaswa kuandika ushuru huu mara mbili kwenye ukurasa wake: mara moja kama sehemu ya mauzo, na mara ya pili kama sehemu ya kinachobaki baada ya matumizi. Tarakimu ya pili ndiyo itakayomwambia kama duka linaishi.

Hapa pana jambo ambalo mipango mingi hulisahau, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Ushuru wa mauzo si lazima. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyabiashara ruhusa ya kumwandikia Kamishna kwamba hataki kuwa chini yake. Akifanya hivyo, anatozwa ushuru wa mapato wa kawaida, unaohesabiwa kutoka kwenye faida halisi baada ya kutoa matumizi yanayokubalika.

Kwa mtu binafsi, ushuru wa kawaida hupanda kwa ngazi. Shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazoendelea juu ya hapo asilimia 30, mpaka mtu afikie mapato makubwa mno ambayo duka hili haliyakaribii. Kisha hupunguziwa nafuu ya mtu binafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka. Mwenye duka letu ana faida ya 240,000. Asilimia 10 yake ni 24,000, na nafuu inaifuta yote. Ushuru wake ni sufuri. Ni duka lile lile, mwaka ule ule, bidhaa zile zile. Akifuata njia ya mauzo analipa 126,000, akifuata njia ya faida halipi chochote.

Isieleweke kwamba kila mtu aikimbie njia ya mauzo. Kwa duka lenye mauzo ya milioni 4.2, njia zote mbili hulingana pale faida ya mwaka inapofika takriban 725,000, yaani kama shilingi 17 katika kila 100 ya mauzo. Anayepata zaidi ya hapo hulipa kidogo akibaki kwenye asilimia 3. Aliyeajiriwa kwingine na ambaye nafuu yake tayari imetumika kwenye mshahara hawezi kuihesabu tena dukani, na faida ya duka humwangukia juu ya mshahara, kwenye ngazi za asilimia 25 au 30. Kwake mpaka wa kulingana uko chini zaidi, na lazima afanye hesabu yake mwenyewe badala ya kuiga ya jirani.

Tena njia ya faida ina sharti gumu. Tangu 2024, matumizi ya biashara hayakubaliwi katika hesabu ya ushuru wa mapato ikiwa hayana ankara iliyotolewa kupitia eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, isipokuwa machache yaliyoondolewa, mshahara ukiwa mojawapo. Tuseme katika manunuzi ya mwaka ya milioni 3.36, bidhaa za 500,000 zilinunuliwa kwa mtu asiyetoa ankara hiyo. KRA itasoma kwamba faida si 240,000, ni 740,000. Ushuru wa faida hiyo, baada ya nafuu, ni 130,600. Umeshapita ule wa asilimia 3. Manunuzi ya nusu milioni yasiyo na ankara yamemaliza faida yote ya kuchagua njia hii.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye ukurasa wa ushuru si "kiwango ni kipi". Ni hili: wauzaji wako wa jumla ni nani, na wangapi kati yao watakupa ankara ya eTIMS yenye PIN yako? Anayepanga duka aende akawaulize kabla ya kuandika. Akikuta kwamba bidhaa zake nyingi zitatoka kwa watu wa mizigo wasiotoa ankara, basi aweke asilimia 3 kwenye mpango wake na aone kama duka linaihimili. Akikuta wote wanatoa, anayo nafasi ya kuchagua.

Mpaka hapa VAT haijaingia. Mtu huandikishwa VAT kwa lazima pale thamani ya bidhaa na huduma zake zinazotozwa VAT inapofika shilingi milioni 5 katika kipindi cha miezi 12, na ana siku 30 za kuomba kuandikishwa tangu apate wajibu huo. Maneno mawili katika sharti hilo huwapotosha watu.

La kwanza ni miezi 12. Haisemwi Januari hadi Desemba. Ni miezi 12 yoyote inayofuatana, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mwenye duka hujumlisha mwezi huo na 11 iliyotangulia. Duka letu liliuza 350,000 kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Tuseme mwaka wa pili lichangamke na kuuza 450,000 kila mwezi. Anayengoja Desemba ataona milioni 5.4 na kudhani mpaka ameuvuka mwisho wa mwaka. Kumbe mwisho wa Agosti miezi 8 mipya ilikuwa imeleta milioni 3.6, na miezi 4 ya mwisho ya mwaka uliotangulia milioni 1.4. Jumla ni milioni 5 kamili, na wajibu umeshaanza.

La pili ni kwamba sheria inamtaja pia anayetarajia kufikia kiasi hicho. Mtu aliyeandika kwenye mpango wake kwamba mwaka wa pili atauza milioni 5.4 ameandika kwa mkono wake kwamba anatarajia kuvuka mpaka. Kwa maoni yangu mpango kama huo unapaswa kuiweka VAT tangu Januari ya mwaka wa pili, siyo Septemba. Anayeona kwamba hatafika huko apunguze makadirio ya mauzo. Mpango hauwezi kumwonyesha afisa wa mikopo duka la milioni 5.4 na kumwonyesha mtu wa ushuru duka la milioni 4.9.

Kinachohesabiwa kwenye mpaka huo ni bidhaa zinazotozwa VAT tu. Jirani wa duka letu anayeuza mahindi na maharagwe yasiyosindikwa anaweza kuuza milioni 8 kwa mwaka bila kuandikishwa, kwa sababu mazao ya shambani yasiyosindikwa yamesamehewa VAT. Lakini ushuru wa mauzo hauna habari na msamaha huo. Yeye huhesabiwa asilimia 3 ya milioni 8 yote, na biashara ya nafaka ina faida nyembamba kuliko hata ya vyombo. Mfanyabiashara wa nafaka ndiye mtu wa kwanza ambaye ningemshauri afanye ile hesabu ya njia mbili. Anayechanganya bidhaa, mahindi upande huu na mabeseni upande huu, anahitaji safu mbili za mauzo kwenye mpango wake tangu mwanzo, la sivyo hatajua ni lini amevuka.

Sasa tuliangalie beseni moja, maana VAT huonekana vizuri kwenye bidhaa moja kuliko kwenye jumla ya mwaka. Muuzaji wa jumla analiuza kwa shilingi 232. Ndani yake kuna 200 ya beseni na 32 ya VAT. Duka letu linaliuza kwa 290.

Kabla ya kuandikishwa, mwenye duka hana haki ya kuidai ile 32. Kwake beseni limegharimu 232. Anapata 58, analipa asilimia 3 ya 290 ambayo ni 8.70, na anabakiwa na 49.30.

Baada ya kuandikishwa, tuseme bei haijabadilika, mteja bado analipa 290. Sasa katika hiyo 290 kuna 250 ya duka na 40 ya VAT. Mwenye duka anaidai ile 32 aliyolipa kwa muuzaji wa jumla, kwa hiyo anapeleka KRA shilingi 8 tu. Beseni limemgharimu 200 na amelipata kwa 250, faida 50. Ushuru wa mauzo nao sasa unahesabiwa kwenye 250 bila VAT, shilingi 7.50. Anabakiwa na 42.50.

Tofauti ni karibu shilingi 7 kwa beseni. VAT haikuchukua asilimia 16 ya chochote chake. Imechukua asilimia 16 ya ile nyongeza ya bei anayoweka yeye, kwa sababu zamani nyongeza hiyo haikutozwa na sasa inatozwa. Ili arudi pale alipokuwa, beseni lazima liuzwe karibu shilingi 298. Hiyo 298 ndiyo tarakimu ya kwenda nayo sokoni. Je, mteja wa Kongowea ataongeza shilingi 8, na duka la pili likiwa bado halijaandikishwa na linauza 290? Kama wateja ni akina mama wa nyumbani, huenda wasikubali, na mpango ubebe 42.50. Kama wateja wengi ni hoteli na mikahawa iliyoandikishwa VAT, wao wataidai ile VAT kwenye ankara yako, na kwao beseni la 298 ni karibu 257. Wateja wa aina hiyo hupenda kununua kwa aliyeandikishwa. Duka linalotarajia kuvuka milioni 5 lina sababu ya kuwatafuta mapema.

Tukirudi kwenye mwezi mzima wa mwaka wa pili, wenye mauzo ya 450,000 na bei isiyobadilika, kuna kosa la hesabu ninalolikuta mara kwa mara. Mtu huchukua 450,000, akazidisha kwa asilimia 16, akapata 72,000. Lakini 450,000 ni pesa zilizoingia mkononi, VAT imo ndani tayari. Njia sahihi ni kuzidisha kwa 16 na kugawanya kwa 116, na jibu ni 62,069. Makosa ya shilingi 9,931 kila mwezi yanatosha kuonyesha duka zima likipata hasara isiyokuwepo.

Upande wa manunuzi, bidhaa zilizouzwa mwezi huo zilinunuliwa kwa 360,000, na VAT iliyomo ni 49,655. Duka linapeleka tofauti, shilingi 12,414. Mauzo bila VAT ni 387,931, na asilimia 3 yake ni 11,638. Baada ya ushuru zote mbili, duka linabakiwa na 65,948 za kulipia kodi, mshahara na mengine. Kama VAT isingekuwepo lingebakiwa na 76,500. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kuvuka mpaka, kama shilingi 10,500 kwa mwezi, na ndiyo inayopaswa kuonekana kwenye mpango.

Mfano huu umechukulia kwamba bidhaa zilizonunuliwa mwezi huo ndizo zilizouzwa. Kwa kweli VAT ya manunuzi hudaiwa kwa kufuata ankara, haingoji bidhaa iuzwe. Mwezi wa kujaza duka kabla ya shule kufunguliwa au kabla ya Ramadhani, VAT ya manunuzi inaweza kuipita ya mauzo, na kinachozidi kikabebwa hadi mwezi unaofuata. Mpango wa mwezi kwa mwezi utapanda na kushuka, ila kwa mwaka mzima jumla itakaribia ile ya mfano wetu.

Ankara zinarudi tena hapa, kwa ukali zaidi. VAT ya manunuzi hudaiwa kwa ankara halali ya eTIMS, tena ndani ya miezi 6 baada ya mwisho wa kipindi ambacho ununuzi ulifanyika. Tuseme nusu ya manunuzi ya mwezi huo hayana ankara ingawa bei ni ile ile. Nusu ya 49,655 inapotea, kama 24,828. Malipo ya VAT yanapanda kutoka 12,414 hadi 37,241, na kilichobaki dukani kinashuka kutoka 65,948 hadi 41,120. Matumizi ya mwezi ni 50,000. Duka lililokuwa hai limeingia kwenye hasara bila mteja hata mmoja kupungua. Dalili ya tatizo hili huonekana mapema: ukigawanya VAT unayolipa kwa mauzo yako bila VAT, duka hili likiwa na ankara zote hupata karibu asilimia 3.2. Ikianza kusogea asilimia 6 au 9 na bei hazijapanda, na duka lina shehena ya kawaida, angalia ankara za manunuzi kabla ya kuangalia kitu kingine.

Kuna pesa moja ambayo mipango huisahau, na hii ni ya kupokea. Siku ya kuandikishwa duka huwa na bidhaa rafuni zilizonunuliwa pamoja na VAT. Sheria ya VAT inaruhusu aliyeandikishwa kuidai VAT iliyolipwa kwenye bidhaa hizo, mradi afanye dai ndani ya miezi 3 tangu siku hiyo na awe na ankara zake. Duka lenye shehena ya 580,000 kwa bei ya ununuzi lina VAT ya 80,000 ndani yake. Kwa duka letu hiyo ni zaidi ya malipo ya VAT ya nusu mwaka. Jioni ya siku ya mwisho kabla ya kuandikishwa, mtu ahesabu kila kilichomo dukani, akiandike na kukiambatanisha na ankara yake. Asiyefanya hivyo atauza bidhaa hizo akitoza VAT juu ya VAT aliyokwisha kuilipa.

Kisha kuna suala la tarehe. VAT nayo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa duka la pesa taslimu na M-Pesa hilo ni jepesi, kwa kuwa pesa ya mteja imeshaingia. Ugumu huja pale hoteli inapochukua bidhaa za 232,000 na kuahidi kulipa baada ya siku 60. Ndani yake kuna VAT ya 32,000, na KRA haingoji hoteli ilipe. Ankara ikitolewa tarehe 10 Machi, VAT inaingia kwenye hesabu ya Machi na kulipwa kufikia tarehe 20 Aprili, na hoteli italeta pesa Mei. Kwa hiyo jedwali la mzunguko wa pesa linahitaji mstari wa VAT uliotenganishwa na mstari wa mauzo, kila mmoja kwenye mwezi wake. Anayechelewa kuwasilisha ritani ya VAT hutozwa faini ya shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili. Kwa duka la malipo ya 12,414, faini ya 10,000 ni karibu VAT ya mwezi wa pili.

Viwango navyo visiandikwe kana kwamba vimechongwa kwenye jiwe. Aprili 2020, wakati wa korona, ushuru wa mauzo ulishushwa hadi asilimia 1 na VAT hadi asilimia 14. VAT ilirudi 16 Januari 2021. Ushuru wa mauzo ulikaa asilimia 1 mpaka Julai 2023, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipourudisha 3 na kushusha mpaka wa juu kutoka milioni 50 hadi 25. Kwa duka letu, mabadiliko hayo ya 2023 peke yake ni tofauti kati ya 42,000 na 126,000 kwa mwaka. Kila Juni Bunge hupitisha mambo kama hayo. Kwenye jedwali la kompyuta, kiwango kiwekwe katika kisanduku chake kimoja juu ya ukurasa na hesabu zote zikirejelee, ili kikibadilika mpango wote ubadilike nacho. Kisha mwandishi ajaribu: asilimia 3 ikiwa 4, duka linabaki na kiasi gani? Kwa mwaka wa kwanza jibu ni 72,000, shilingi 6,000 kwa mwezi.

Ukurasa wenyewe hauhitaji kuwa mrefu. Juu yake makadirio yaandikwe wazi: mauzo ya mwezi, sehemu ya faida ghafi, bidhaa zinazotozwa VAT na zilizosamehewa, na ni manunuzi kiasi gani yatakuwa na ankara. Chini yake jedwali la miezi 24, lenye safu ya jumla ya miezi 12 iliyopita ili mwezi wa kuvuka milioni 5 ujitokeze wenyewe. Kando yake hesabu mbili za ushuru wa mapato, ya mauzo na ya faida, na sentensi moja inayosema ipi imechaguliwa na kwa nini. Kwa duka letu la vyombo sentensi hiyo ingesema kwamba mwenye duka amechagua njia ya faida, kwamba wauzaji wake wa jumla wametajwa na wote wanatoa ankara za eTIMS, na kwamba barua kwa Kamishna itapelekwa kabla ya mauzo ya mwezi wa kwanza kufungwa.